Dashibodi ilionyesha friza iko -18 asubuhi yote, kumbe ilizimika jana yake: naomba msaada wa MQTT

fundi_langoni

Assalam aleikum wanajukwaa. Kuna jambo limeniuma na nataka kulielewa kabla halijajirudia.

Nimewafungia wachuuzi wa samaki vipimo vya joto kwenye friza zao 7 hapa Amu, upande wa Langoni. Kila friza ina NodeMCU yake na kipimo cha DS18B20 kilichoingizwa ndani. Joto linatumwa kila baada ya sekunde 30 kwa Mosquitto, broka yangu ya MQTT, ambayo iko kwenye Raspberry Pi dukani kwangu. Dashibodi nimeitengeneza kwa Node-RED na naifungua kwa simu.

Ijumaa jioni soketi ya friza namba 4 ilikufa. NodeMCU inakula stima kwenye soketi hiyo hiyo, kwa hivyo friza na kipimo vilizimika pamoja. Alfajiri nilipotoka msikitini nikafungua simu, nikaona friza 4, -18.2, rangi ya kijani. Nikarudi kulala. Saa tatu mama mwenye friza akanipigia analia: changu na tafi wamelegea wote, maji yametapakaa sakafuni. Nilipochimba kumbukumbu nikakuta ujumbe wa mwisho wa friza ile uliingia saa moja na dakika kumi na mbili usiku. Ile -18.2 niliyoiona alfajiri ilikuwa na umri wa saa kumi.

Topiki `friza/4/joto` naituma na `retain` ikiwa `true`. Niliweka hivyo ili dashibodi isifunguke tupu. Je, kosa ni hilo? Na dashibodi itajuaje kifaa kipi kiko hai kweli?

kijana_wa_shela

Pole sana kaka. Kosa umeshalitaja mwenyewe. Toa `retain`. Broka inahifadhi ujumbe wa mwisho wa kila topiki na kumpa yeyote anayejiunga, hata kama aliyeutuma amekufa mwaka jana. Ukiitoa, friza iliyozimika haitaonyesha kitu, utajua imezimika. Mimi hata nyumbani situmii `retain` kabisa.

fundi_langoni

Nimejaribu sasa hivi, nikafuta na zile za zamani zilizohifadhiwa kwa broka. Ni kweli, nikifungua dashibodi friza 4 iko tupu. Lakini na zile nyingine 6 ziko tupu vilevile mpaka kila moja itume, nusu dakika nzima sijui nani mzima nani mgonjwa. Kisha nikaiacha dashibodi wazi, nikachomoa friza 2 kwa makusudi. Namba yake ilibaki pale pale, -17.6, kijani. Nimengoja dakika kumi haijabadilika.

mtambo_wa_mwambao

Fundi, pole kwa yaliyokufika, na pole zake mama wa friza.

Kijana wa Shela amesema kweli kuhusu kazi ya `retain`, lakini dawa aliyotoa si yake. Tazama ulichokiona mwenyewe: umeitoa `retain` na friza iliyochomolewa bado ina rangi ya kijani, kwa sababu ukurasa ulio wazi unashika namba ya mwisho na hakuna aliyeuambia uiachie. Ukimya hauji kwa simu yako kama habari. Kwenye MQTT anayejiunga na topiki hapewi taarifa kwamba mtumaji ametoweka. Atakaa anasubiri tu.

Kosa lako hasa ni kuuliza joto swali lisilo lake. Joto linajibu "friza ina baridi kiasi gani mara ya mwisho nilipoipima". Wewe unataka jibu la "je, anayepima yuko?" Hilo linataka topiki yake peke yake, tuseme `friza/4/hali`, yenye maneno mawili tu: `hewani` au `imezimika`. Na hapo ndipo `retain` inapofaa sana, kwa sababu anayefungua simu alfajiri anahitaji kujua hali ilivyo dakika hiyo hiyo, bila kusubiri.

Neno `hewani` atalituma kifaa mwenyewe anapounganika. Neno `imezimika` ndilo kazi, maana halitumwi na yeye.

mzee_wa_matondoni

Wanangu, mimi si fundi, nina friza mbili tu na kijana wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu. Hapo mwisho sijaelewa. Kifaa kimekatiwa stima, kimekufa, kitatumaje ujumbe wa kusema kimekufa? Ama mwataka kukiwekea betri?

mtambo_wa_mwambao

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali lenyewe.

Kifaa hakitumi baada ya kufa. Kinaacha wosia kingali hai. Kinapobisha hodi kwa broka mara ya kwanza, katika ule ujumbe wa kuomba kuunganishwa kinasema: "Nikitoweka bila kuaga, tangaza neno hili, kwenye topiki hii." Broka anauweka wosia kando, hamwonyeshi mtu. Kifaa kikikatika bila kuaga, broka anautangaza yeye. Ni sawasawa na mtu aliyemwachia kadhi karatasi kabla ya safari ya bahari.

Betri haihitajiki, mzee. Kinachohitajika ni broka abaki hai.

Fundi, kama unatumia maktaba ya PubSubClient, ni hivi:

```cpp
void unganisha() {
  while (!client.connected()) {
    if (client.connect("friza4", MTUMIAJI, SIRI,
          "friza/4/hali", 1, true, "imezimika")) {
      client.publish("friza/4/hali", "hewani", true);
    } else {
      delay(5000);
    }
  }
}
```

Ile `true` iliyo kabla ya `"imezimika"` ni `retain` ya wosia wenyewe. Watu wengi huisahau, na madhara yake ni mabaya kuliko kutokuwa na wosia kabisa. Wosia usiohifadhiwa unasikika na waliokuwa wamefungua dashibodi wakati ule tu. Anayefungua baadaye anapewa kilichohifadhiwa, nacho ni `hewani` ya zamani. Wewe ungeamka alfajiri ukaona kijani tena.

Zikihifadhiwa zote mbili, mambo yanakaa sawa kwa sababu broka huweka ujumbe mmoja tu kwa kila topiki. `imezimika` inaifuta `hewani`, na kifaa kikirudi `hewani` inaifuta `imezimika`. Kwa hivyo zote mbili lazima ziwe kwenye topiki moja.

kijana_wa_shela

Dada, nimejaribu hapa kwangu na haifanyi kazi. Nimechomoa NodeMCU, nikahesabu hadi kumi, hali bado ni `hewani`.

mtambo_wa_mwambao

Endelea kuhesabu. Ukichomoa waya ghafla, kifaa hakipati nafasi ya kufunga muunganisho, kwa hivyo kwa upande wa broka simu bado iko sikioni, ila upande wa pili kimya. Broka anajua mtu katoweka kwa kukosa kumsikia. Kila kifaa kinaahidi kutoa sauti ndani ya muda fulani, hata kama hakina la kusema. Kwenye PubSubClient muda huo ni sekunde 15 kama hukuubadilisha. Broka anaongeza nusu yake kwa huruma, kisha anakata. Nusu ya 15 ni 7.5, jumla 22.5 tangu alipomsikia mara ya mwisho.

Jiunge na topiki kwa komandi uone mwenyewe, usitazame dashibodi:

```
mosquitto_sub -h 192.168.1.10 -t 'friza/+/hali' -F '%r %t %p'
```

Hiyo `%r` inakuonyesha kama ujumbe umetoka ghalani au umefika sasa hivi. Kilichohifadhiwa kinakuja na 1, kipya kinakuja na 0.

kijana_wa_shela

Imetoka! Ilichukua kama sekunde 20. Nilikuwa na haraka. Lakini kuna jambo: nikikifunga kifaa vizuri kwa `client.disconnect()` wosia hautoki hata nikingoja robo saa.

mtambo_wa_mwambao

Na ndivyo inavyotakiwa. Aliyeaga vizuri wosia wake unachanwa. Kwa hivyo kama programu yako inafunga yenyewe, tuseme kabla ya kupakia toleo jipya, itume `imezimika` kwa mkono wake kwanza, na `retain`, ndipo iage.

fundi_langoni

Dada, Mungu akuzidishie. Nimezibadilisha zote 7 jana. Nimechomoa moja moja na kila moja imegeuka nyekundu kwenye simu. Ila leo asubuhi friza 6 ni nyekundu, na joto lake linaingia kila nusu dakika kama kawaida! Hai au maiti?

mtambo_wa_mwambao

Umeiweka wapi ile `publish` ya `hewani`?

fundi_langoni

Kwenye `setup()`, baada ya kuita `unganisha()`. Nilidhani ni sawa.

mtambo_wa_mwambao

Si sawa. `setup()` inapita mara moja tu kifaa kinapowaka. Usiku waifai ilikatika kidogo, broka akatangaza wosia, kisha kifaa kikaunganika tena kwa njia ya `loop()` bila kuzimika. Hakuna aliyesema `hewani` mara ya pili. Irudishe ndani ya `unganisha()`, mstari unaofuata baada ya kuunganika. Kila muunganisho mpya ni wosia mpya na tangazo jipya.

fundi_langoni

Nimeelewa, nimerekebisha. Friza 6 iko nyuma ya kuta mbili za mawe ya matumbawe, nyumba ya zamani, waifai inapenya kwa taabu. Sasa inafanya hivi mara nne tano kwa siku: nyekundu, kisha kijani papo hapo. Simu inanipigia kengele kila mara.

maji_malindi

Kwangu ilikuwa hivyohivyo na sababu ilikuwa nyingine kabisa. Nilinakili programu moja kwenye vifaa viwili nikasahau kubadilisha jina. Broka hakubali majina mawili yanayofanana, akiingia wa pili anamtoa wa kwanza, wa kwanza anarudi anamtoa wa pili, ndiyo mchezo wa kutwa. Angalia logi ya Mosquitto. Ukiona `already connected, closing old connection` kila baada ya sekunde chache, ndiyo hiyo.

fundi_langoni

Nimetazama. Maneno hayo yapo, lakini ni mara nne tu tangu jana, na majina yangu yote ni tofauti, nimehakikisha.

mtambo_wa_mwambao

Basi ni kuta. NodeMCU inapoteza waifai, inairudia baada ya sekunde chache, inabisha hodi kwa jina lile lile huku broka bado anadhani ile ya zamani ipo. Anaifunga ya zamani, anatoa wosia wake, anaipokea mpya, nayo inasema `hewani`. Ndiyo maana unaona nyekundu na kijani kwa pamoja. Hakuna uongo hapo, muunganisho ulikatika kweli. Kilichokosea ni kengele yako, ina papara.

MQTT 5 ina njia ya kumwambia broka aucheleweshe wosia kwa sekunde kadhaa, na kifaa kikirudi kabla ya hapo usitangazwe. PubSubClient inazungumza 3.1.1, haina hilo. Kwa hivyo weka subira kwenye Node-RED: `imezimika` ikikaa sekunde 90 bila kufuatwa na `hewani`, ndipo ipige. Samaki wa friza iliyofungwa haharibiki kwa dakika moja na nusu.

Unaweza pia kuongeza ule muda wa ahadi kwa `client.setKeepAlive(60)`. Hapo broka atangoja sekunde 90 kabla ya kumtangaza aliyenyamaza. Lakini hiyo haitaondoa kesi hii ya kurudi haraka kwa jina lile lile, maana pale wosia hautoki kwa kungoja.

maji_malindi

Naomba niingize langu. Nina tangi la maji shambani, huku nje ya Malindi, na kifaa cha betri kinachoamka kila nusu saa, kinatuma kina cha maji, kinalala. Nimeweka wosia kama mlivyosema. Sasa tangi linasema `imezimika` kutwa kucha isipokuwa zile sekunde chache kinapoamka. Nikiweka `disconnect()` kabla ya kulala, linasema `hewani` siku zote, hata nilipotoa betri. Nimekosea wapi?

mtambo_wa_mwambao

Hujakosea popote. Wosia unahusu muunganisho, na kifaa chako hakina muunganisho kwa dakika 29 kati ya 30. Kwa kifaa kinacholala wosia hauwezi kukujibu. Tuma saa ya kipimo ndani ya ujumbe, au iache Node-RED ipige hesabu: kama tangi halijasikika kwa saa moja na dakika kumi, yaani limekosa zamu mbili, ligeuze nyekundu.

kijana_wa_shela

Si angeweza kutumia ile ya MQTT 5 ya ujumbe kuisha muda? Ujumbe uliohifadhiwa unafutwa na broka mwenyewe ukipitisha sekunde ulizoweka.

mtambo_wa_mwambao

Anaweza, kama maktaba yake inajua MQTT 5. Lakini kumbuka shida ya fundi ya mwanzo: ukifutika ghalani, ukurasa ulio wazi hauambiwi. Atakayefaidika ni anayefungua upya.

fundi_langoni

Ndugu zangu, nimerudi, na safari hii jambo lina uzito.

Jana usiku stima ilipotea mtaa mzima kwa saa mbili. Pi na friza zote zilizimika pamoja. Iliporudi, friza sita zikaunganika. Friza 3 haikurudi, adapta yake iliungua. Dashibodi ikasema friza 3 `hewani`. Kijani. Nimeijua kwa sababu nilipita kwa miguu nyumba kwa nyumba. Wosia uko, `retain` iko, yote mliyoniambia nimefanya.

mtambo_wa_mwambao

Fuata mpangilio wa mambo. Kabla ya giza, ghalani kwa broka friza 3 ni `hewani`. Stima ikakatika, kifaa kikafa, na aliyeshika wosia akafa sekunde ile ile. Hakuna aliyebaki wa kuutangaza. Wosia wenyewe ulikuwa umefungwa kwenye muunganisho ule, ukapotea nao. Stima ikarudi, Mosquitto ikafungua faili lake la diski, ikakuta `hewani`, ikaiamini.

Mosquitto yenyewe bila kuambiwa haiandiki diski. Lakini faili la mipangilio linalokuja na kifurushi cha Debian, ambacho ndicho cha Pi, lina mstari huu:

```
persistence true
```

Kwako wewe, weka `false`. Broka akizaliwa upya ghala linakuwa tupu, na kila friza itasema `hewani` upya ikiunganika. Isiyorudi haitakuwa na neno lolote. Kisha dashibodi iwe na orodha yake ya friza 7, zote zianze na rangi ya kijivu, na zipande kijani kwa kusikia `hewani` tu. Kijivu maana yake hatujui. Usiichore friza kwa sababu ujumbe wake umefika, maana ile isiyotuma haitachorwa na hutaikumbuka. Na Node-RED yenyewe ikipoteza muunganisho na broka izirudishe zote 7 kwenye kijivu.

maji_malindi

Hapo sikubaliani nawe dada. Mimi nina mipangilio iliyohifadhiwa kwenye topiki nyingine, kiwango cha kuwasha pampu na kadhalika. Nikizima `persistence` naipoteza yote kila stima ikikatika. Mimi naandika skripti: broka akiwaka, inatuma `imezimika` kwa kila topiki ya hali, kisha vifaa vinajirekebisha vyenyewe.

mtambo_wa_mwambao

Na kifaa kikiwahi kuunganika kabla ya skripti yako? Kinasema `hewani`, sekunde mbili baadaye skripti inakifuta, na kifaa hakina habari. Kinakaa chekundu mpaka muunganisho ukatike tena.

maji_malindi

Kijiunge na topiki yake mwenyewe. Kikisikia kinaitwa `imezimika` na kiko hai, kinajibu `hewani`.

mtambo_wa_mwambao

Itafanya kazi. Lakini umeongeza sehemu mbili za kuharibika. Mimi bado ningetenganisha: mipangilio ikae faili la Node-RED, broka abaki na hali tu. Kwa friza 7 za fundi `false` inatosha. Kwa tangi lako ni uamuzi wako.

mzee_wa_matondoni

Wanangu, nimefuata kwa taabu lakini nimefuata. Swali langu la mwisho. Friza ikiwa na stima, kifaa kiko hewani, lakini mlango umeachwa wazi?

mtambo_wa_mwambao

Hapo `hali` itabaki kijani na ni haki yake, mzee, kifaa kiko hai. Joto ndilo litakalopanda, na kengele ya joto ndiyo itakayolia. Ndiyo sababu nimezitenga topiki mbili.

Fundi, na hili lako pia: DS18B20 ikikatika waya, maktaba ya DallasTemperature inarudisha -127. Kifaa hai, waifai nzuri, na namba ya baridi kali kuliko zote. Kama kengele yako inatazama joto lililopanda tu, hiyo itapita kimya. Usiitume kama joto.

fundi_langoni

Nimefungua logi ya joto ya mwezi mzima kwa neno hilo. Friza 5 ina -127 mara 11, zote saa za mchana, jua likiwa kali. Naenda kukagua waya wake sasa hivi.

Pi nayo nimeipeleka kwenye betri ndogo pamoja na rauta, ili broka abaki macho friza zikizimika. Jaribio la kwanza nimelifanya leo kwa kushusha swichi kuu ya nyumba yenye friza 1 na 2. Logi iliandika `has exceeded timeout, disconnecting` mara mbili, na simu ikalia kabla sijafika mlangoni.

maji_malindi

Betri hiyo inashika saa ngapi?

fundi_langoni

Bado sijaipima hadi mwisho, ndugu yangu. Usiku wa leo nitaiacha mpaka izime.